Herufi kubwa haisikiki

Ilikuwa Mfungo Sita, usiku, nyumbani kwa bibi yangu, Mombasa. Mikeka imejaa jamaa, chetezo kinafuka udi, na mimi nimekaa karibu na mlango na karatasi mbili mkononi. Mwaka huu niliombwa nisome tafsiri ya faslu ya kwanza ya Burda, kaswida ya Busiri ya kumsifu Mtume, kabla wasomaji hawajaanza kuisoma kwa Kiarabu. Nilikuwa nimeihangaikia tafsiri ile wiki nzima.

Nikafika beiti ya 8, ile inayoanza na *naam*:

*Naam, kilinijia usiku kivuli cha Yule nimpendaye, kikanikosesha usingizi;*
*na mapenzi ndivyo yalivyo, huikatiza raha kwa uchungu.*

Nikasikia mtu analia. Nilipoinua macho, alikuwa ni bibi.

"Babu yako huja vivyo hivyo," akaniambia mbele ya watu wote. "Akija, silali tena mpaka alfajiri."

Binamu yangu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni, akamwinamia kwa upole. "Bibi, hapo anayetajwa ni Mtume."

"Swalallahu alaihi wasalam," bibi akajibu kwanza, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Hilo nalijua tangu hamjazaliwa. Mimi nimesema babu yenu huja vivyo hivyo."

Kisha akanipa ishara niendelee.

Kwenye karatasi yangu neno *Yule* lilikuwa na herufi kubwa. Siku mbili nzima nilizitumia kuamua herufi ile. Niliiweka ili msomaji asije akadhani ni mapenzi ya kawaida, ya mtu na mtu.

Mle chumbani hakuna aliyeisikia.

## Mlango wa zamani

Wiki zilizofuata nilikuwa nikikumbuka kilio kile kila nilipofungua daftari langu. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba nilikuwa nimekosea hata kabla bibi hajalia. Katika maandishi yetu ya Kiswahili, *Yeye* na *Yule* kwa herufi kubwa tunamwekea Mwenyezi Mungu. Mpendwa wa Burda si Mungu. Ni Mtume wake. Nilikuwa nimejiuliza swali lenye majibu mawili tu, mwanadamu au Mungu, na shairi nililolisikia tangu utotoni likawa na jibu la tatu.

Halafu nikatazama vizuri namna Busiri anavyotuingiza. Shairi linafunguliwa na swali: je, ni kuwakumbuka majirani wa Dhi Salami ndiko kulikokufanya uchanganye machozi na damu? Au ni upepo uliovuma kutoka upande wa Kadhima, au umeme uliomulika gizani kutoka Idami? Hakuna jina la mtu. Kuna majirani walioondoka, majina ya mahali pa Uarabuni, na mtu anayekataa kwamba anapenda huku macho yake yakimtolea ushahidi.

Huo ni mlango wa zamani sana. Washairi wa Kiarabu, tangu kabla ya Uislamu, walizoea kuanza kaswida kwa kusimama penye mabaki ya kambi ya mpenzi aliyehama, wakalia kidogo, ndipo wakaingia kwenye jambo lao. Busiri, mtu wa Misri wa karne ya 13, aliupitia mlango uleule. Faslu ya pili anaikemea nafsi. Jina lenyewe, Muhammad, halitamkwi mpaka beiti ya 34.

Kwa hiyo msikilizaji anakaa beiti 33 na mtu anayelia, bila kuambiwa jina la anayeliliwa.

Na ile beiti ya 8, niliyoivisha herufi kubwa, kwa Kiarabu inasema *man ahwa*, yaani "nimpendaye". Neno *man* halimwambii msomaji kama ni mwanamke au mwanamume, mkubwa au mdogo, aliye duniani au asiyekuwako. Kiarabu, ambacho karibu kila kitenzi chake hudai kujua jinsia, hapo kimenyamaza. Kiswahili chetu hunyamaza hivyo siku zote: *yeye* ni yeye. Busiri aliliacha neno wazi, lugha yangu ilikuwa tayari kuliacha wazi, nami nikaja na herufi moja nikalifunga.

## Binti wa Isfahani

Nilipotaka kujua kama wengine waliwahi kubanwa na swali hili, nilirudi kwa Muhyiddin Ibn Arabi. Sijui kisa kingine ambamo mshairi mwenyewe alishtakiwa kwa jambo hili hili, akajibu kwa maandishi, na jibu lake tunalo.

Alizaliwa Mursia, Andalusia, mwaka 1165. Mwaka 1202 akafika Makka, na huko akasoma hadithi kwa sheikh mmoja aliyetoka Isfahani, Abu Shujaa Zahir bin Rustam, aliyekuwa imamu kwenye Makamu Ibrahim. Sheikh huyo alikuwa na binti. Jina lake Nidhamu.

Ndiyo, ni neno hilihili tulilonalo. Kwetu limebaki kuwa utaratibu na adabu. Kwa Kiarabu asili yake ni kupanga lulu kwenye uzi, na kwa hiyo pia kupanga maneno yakawa shairi. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo, maana sisi hutunga shanga na hutunga shairi kwa kitenzi kimoja.

Kiasi cha miaka kumi na miwili baadaye Ibn Arabi akatoa diwani ndogo ya mashairi ya mapenzi, *Tarjumanul Ashwaki*, mkalimani wa shauku. Sikilizeni sehemu ya shairi la 20, kwa tafsiri yangu, na safari hii sikuweka herufi kubwa popote ila mwanzo wa sentensi na kwenye majina:

*Imerefuka shauku yangu kwa mwari mwenye nathari*
*na nidhamu, mwenye mimbari na bayani,*
*wa mabinti wa wafalme, wa nchi ya Ajemi,*
*wa mji mtukufu kuliko miji, Isfahani.*
*Yeye ni binti wa Iraki, binti wa imamu wangu;*
*nami ni kinyume chake, mwana wa Yemeni.*

Hapa hakuna "majirani wa Dhi Salami". Jina lake limo, limefichwa kwenye neno linalomaanisha ushairi. Mji wa baba yake umo. Kazi ya baba yake imo. Hata nasaba ya mshairi imo, kwa kuwa Ibn Arabi alijinasibisha na kabila la Tai, ambalo asili yake ni Yemeni. Mtu yeyote wa Makka aliyeijua familia ile angejua anatajwa nani.

Habari zikafika Halabu, nchini Shamu. Mwanachuoni mmoja wa fikihi akasema wazi kwamba hizo siri za kiungu hazimo. Sheikh anampenda msichana na anajificha nyuma ya sifa ya uchamungu. Wanafunzi wawili wa Ibn Arabi, Badr al-Habashi na Ismail bin Saudakini, wakaumia, wakamwomba aandike ufafanuzi. Akaandika, mwaka 1215 hivi, beiti kwa beiti.

Nataka nimtendee haki yule mwanachuoni wa Halabu. Wapenzi wa tasawufu humsimulia kama mtu mwenye moyo mkavu. Mimi naona swali lake ni halali. Mtu akiweza kuandika lolote kuhusu binti wa watu, kisha akasema "nilimaanisha siri za juu", basi binti hana kinga, na maneno hayana maana. Ibn Arabi mwenyewe hakulidharau. Angelidharau, asingekaa chini kuandika kitabu kizima kulijibu.

## Anavyojifafanua

Hebu tumfuate kwenye beiti zilezile.

Nathari na nidhamu, anasema, ni kilicho huru na kilichofungwa: nathari haina mizani, shairi lina mizani, na vivyo hivyo uwepo una upande usio na mpaka na upande wenye mpaka. Mimbari ni ngazi ya Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu, ambayo mja huipanda kwa kujipamba na sifa zake. Iraki ni asili, chanzo. Na Yemeni? Hapo anaegemea hadithi isemayo imani ni ya Yemeni na hekima ni ya Yemeni.

Mara ya kwanza nilipousoma ufafanuzi huu nilikata tamaa. Niliona mtu anaondoa pamba ndani ya mto na kuweka mawe. Yemeni ilinishawishi, maana hadithi ile kila msomaji wake aliijua, na neno lilipotamkwa lingeweza kuivuta. Lakini "binti wa imamu wangu"? Imamu alikuwa na binti. Ufafanuzi wowote ukija juu ya hapo, binti bado yupo.

Nikaufunga ufafanuzi, nikaamua kwamba mwanachuoni wa Halabu alishinda.

Siku chache baadaye nikaurudia utangulizi, ule ambao kwa kawaida tunaupita haraka ili tufikie mashairi. Humo anamtaja Nidhamu kwa jina. Anasifu elimu yake, ufasaha wake, ibada yake. Kisha anasema kwamba kila jina analolitaja katika kitabu hiki ni yeye anayemkusudia, na kila nyumba anayoililia ni nyumba yake. Na hapohapo, bila hata kupumua, anasema kwamba siku zote anaashiria mambo yanayoshuka kutoka kwa Mungu, na kwamba Nidhamu mwenyewe anayajua anayoyaashiria.

Nilisimama hapo.

Mtu anayetaka kuficha msichana hamtaji kwa jina kwenye ukurasa wa kwanza. Lililonipotosha ni kudhani kwamba ufafanuzi umekuja kumtoa Nidhamu na kumweka mwingine mahali pake, kama anayebadilisha picha ndani ya fremu. Ibn Arabi hasemi hivyo. Anasema ni yeye, na tena si yeye peke yake.

Baadaye, katika *Fususul Hikami*, alilisema hilo kama itikadi: Haki, yaani Mwenyezi Mungu, haishuhudiwi kamwe ikiwa imetengwa kabisa na kila umbo. Wanavyuoni wengi walimpinga vikali kwa maneno ya namna hii na wanampinga hadi leo, na simtaki msomaji alimeze kwa sababu mimi nimelinukuu. Nalileta kwa sababu linaeleza anavyosoma mashairi yake mwenyewe. Kwake, kumwondoa binti wa Isfahani ili abaki Mungu peke yake si usomaji wa juu zaidi. Ni kufuta mahali ambapo jambo lilimtokea.

Na kuna kitu kingine katika shairi hilo la 20 kilichonishika zaidi ya ufafanuzi wote. Karibu na mwisho, baada ya kuuliza kama vinyume viwili huwahi kukutana, na kusema kwamba mngetuona mngeona Yemeni na Iraki zimekumbatiana, anasema mshairi aliyemtangulia alisema uongo, kisha anaingiza beiti mbili za mtu mwingine:

*Ewe uliyemwoza Thuraya kwa Suheli,*
*nakuapia Mungu, watakutana vipi?*
*Yule akichomoza ni wa Shamu,*
*na Suheli akichomoza ni wa Yemeni.*

Beiti hizo ni za Umar bin Abi Rabia, Mkureshi wa karne ya kwanza ya Hijria, mshairi wa mapenzi ya dunia bila kificho. Thuraya aliyemtaja alikuwa mwanamke wa nyama na damu, aliyeolewa na bwana aitwaye Suheli, na mshairi alichezea majina yao kwa kuwa ni majina ya nyota: Thuraya ni hii tunayoiita Kilimia, ya upande wa kaskazini, na Suheli ni ya kusini. Lilikuwa lalamiko la mwanamume kuhusu ndoa ya mwanamke aliyempenda.

Karne tano baadaye maneno hayohayo, bila kubadilishwa mpendwa wala nyota, yamo katika shairi ambalo mwenyewe analifafanua kwa Majina ya Mungu.

Kama maneno yangekuwa na chapa inayoonyesha ni ya dunia au ya mbinguni, zile beiti mbili zisingeweza kuhama.

## Alama nilizozijaribu

Hata hivyo msomaji anataka kitu cha kushika, na mimi nilikitaka. Niliorodhesha daftarini alama ambazo nimesikia watu wakizitumia, nikazijaribu moja moja.

Ya kwanza ni mwili. Watu husema: shairi likitaja jicho, nywele, kiuno, ni la dunia. Alama hii inaanguka mara moja, kwa sababu *Tarjumanul Ashwaki* imejaa kope na mashavu, na wapo washairi wa mapenzi ya kawaida, hata wetu wa taarabu, wanaomaliza beiti kumi hawajataja hata kidole.

Ya pili ni ukubwa wa sifa. Tunaambiwa kwamba mpendwa akisifiwa kupita kiasi, akaitwa nuru na uhai, basi hawezi kuwa mtu. Lakini kila aliyewahi kupenda anajua kwamba hapo ndipo wapenzi wote wanapofika. Kupita kiasi ni lugha ya mama ya mapenzi.

Iliyobaki, na hii bado naishikilia, ni kuangalia yanayompata anayesema. Sikuibuni mimi. Nimeitoa kwenye kisa ambacho Ibn Arabi anakisimulia kwenye utangulizi uleule.

Anasema usiku mmoja alikuwa akitufu Al-Kaaba. Akajitenga na umati, akawa anatembea juu ya mchanga, zikamjia beiti nne akazisoma kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Maana yake: laiti ningejua kama wanajua ni moyo gani waliomiliki, na laiti moyo wangu ungejua ni njia gani ya milimani waliyopita, unawaona wamesalimika, au unawaona wameangamia? Wenye mapenzi wamepotewa katika mapenzi, wakanaswa.

Mara akahisi kiganja begani, laini kuliko hariri. Akageuka, akamwona msichana wa Kirumi. Msichana akamtaka arudie beiti, akawa anamkosoa moja baada ya nyingine. Unasema hujui kama wanajua walichomiliki. Inawezekanaje mtu amiliki asichokijua? Unauliza kama wamesalimika. Wao wamesalimika, jiulize wewe.

Akafika beiti ya nne. Hapo akapaza sauti. Mtu aliyeshikwa na mapenzi, akasema, anabakiwa na nini hata apotewe? Mapenzi hushika kila kitu, hutia ganzi fahamu, huondoa akili. Anayepotewa ni nani basi?

Nilipolielewa swali hilo nilirudia mashairi mengi kwa jicho jingine. Katika mapenzi ya dunia, hata yakiwa makali kiasi gani, *mimi* yuko palepale mpaka mwisho. Analia, anadai, anangoja barua, anataka kurudishiwa alichopoteza. Dawa yake ni kukutana. Katika mashairi ya masufi yaliyokolea, kukutana hakumtibu mtu. Kunazidisha kiu, na aliyekuwa akidai anaanza kupungua, mpaka inakuwa vigumu kujua nani anasema.

Lakini alama hii inahitaji shairi zima, na mara nyingine diwani nzima. Beiti moja haiwezi kukuonyesha. Ukikata beiti moja ukaiweka kwenye kadi ya harusi au kwenye picha ya machweo, umeondoa kile pekee ambacho kingekusaidia kujua.

Na haitoshi kwa kila shairi. Mpendaji wa faslu ya kwanza ya Burda bado yupo mzimamzima. Hapotei. Anaona haya, anakemewa, anakesha. Kwa kipimo changu, beiti zile 12 peke yake ni za mtu yeyote aliyefiwa au aliyeachwa. Kinachozipa njia ni kile kinachofuata, na baraza linalozisoma, na itikio la *Maulaya swali wasalim* linalorudi katikati yake kama mkono unaorekebisha usukani.

## Matango

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama jambo hili kutoka upande ambao sikuwa nimeutazama. Katika *Ihya*, kwenye kitabu cha kusikiliza nyimbo, anasimulia habari ya mtu wa njia aliyepita sokoni akamsikia mchuuzi ananadi: *al-khiyar*, kumi kwa habba moja! Neno hilo kwa Kiarabu ni matango. Pia ni watu bora. Yule mtu akashikwa na hali palepale. Akasema, ikiwa walio bora ni kumi kwa habba moja, basi waovu watauzwa kwa kiasi gani?

Mchuuzi alikuwa anauza matango tu.

Ghazali hamcheki msikilizaji, wala hamsahihishi. Anasema moyo ukitawaliwa na kitu, kila sauti huuelekeza huko. Aliyejaa mapenzi ya Mungu akisikia weusi wa nywele atakumbuka giza la ukafiri, akisikia mng'ao wa shavu atakumbuka nuru ya imani, na wala hahitaji kukaa kutafuta mlinganisho. Na kwa sababu hiyohiyo anakataza: kijana ambaye matamanio yamemtawala asisikilize, hata kama mshairi alikuwa walii, maana ataelekezwa kule alikokwisha kuelekea.

Lakini hasemi kwamba kila anachokielewa mtu ni sawa. Hapa ndipo niliposoma polepole zaidi. Mashairi ya mapenzi yamejaa lawama: umenibadilikia, umevunja ahadi, leo hivi kesho vile. Ghazali anaonya kwamba msikilizaji asithubutu kumbebesha Mungu lawama hizo, kwani Mungu habadiliki, na kumdhania hivyo ni hatari kwa imani. Lawama igeuze, ijielekeze kwako. Kisha anamleta kijana mmoja aliyevaa matambara, aliyesimama chini ya kasri ambamo kijakazi alikuwa akimwimbia bwana wake: *kila siku unageuka rangi, isingekuwa hivyo ingekupendeza zaidi*. Kijana akasema, wallahi, huku ndiko kugeuka kwangu mimi na Mola wangu. Akapumua pumzi moja, akafa.

Kijakazi alimaanisha bwana wake. Kijana hakubadilisha hata neno. Alichofanya ni kujua upande upi wa beiti ni wake.

Nikamkumbuka bibi.

Binamu yangu alidhani bibi amekosea anayetajwa. Mimi nilidhani hivyo pia, kimoyomoyo, na ndiyo maana nilitahayari. Lakini bibi alikuwa ametamka swala ya Mtume kabla ya kitu chochote. Alijua shairi ni la nani. Alichokisema ni kwamba njia ya kuijua hali ya Busiri, kuamshwa usiku na kivuli cha usiyeweza kumshika, anaifahamu, kwa kuwa amelala upande mmoja wa kitanda miaka kumi na mmoja. Mimi niliyetafsiri neno *taifu*, kile kivuli, kutoka kamusi sikuwa na chochote cha kulinganisha nalo.

Bado nina shaka moja, na sitaki kuificha. Bibi ana miaka themanini na tatu na uradi wake haumpiti. Je, ningesema haya kuhusu mtu mwingine, kijana wa miaka ishirini aliyelia palepale kwa sababu ya msichana aliyemkataa juzi? Ghazali angemtoa barazani. Mimi sidhani ningemtoa. Ningemwambia akae mpaka faslu ya tatu.

## Kabla ya adhana

Wiki iliyopita nililala kwa bibi. Niliichukua karatasi yangu, nimeshaiandika upya, *yule* kwa herufi ndogo. Nilitaka kumwonyesha nikakumbuka kwamba hasomi tena, macho yamechoka. Basi nikamsomea. Ilisikika vilevile.

Halafu nikamsomea na zile beiti mbili za Suheli na Thuraya, nikamweleza ni nani walioozwa na kwa nini mshairi aliona hawawezi kukutana.

Aliniamsha kabla ya alfajiri, akanituma nifungue mlango wa darini, tukapanda taratibu, ngazi moja moja, mkono wake begani kwangu. Anga lilikuwa safi. Babu alikuwa nahodha wa jahazi na ndiye aliyemfundisha.

"Ile pale Suheli," akasema, akanyoosha kidole kusini, upande wa Likoni. Macho hayasomi karatasi lakini alijua pa kunyoosha. Kisha akanigeuza bega, nikatazama nyuma, juu, kaskazini magharibi. "Na Kilimia yako ile, kama haijatua. Iangalie wewe, mimi siioni tena."

Nilitazama. Ilikuwapo, kishada kidogo kama vumbi la fedha.

"Huyo mshairi wako alikuwa wa wapi?"

"Makka, bibi."

"Basi huko pengine huwa mbali mno," akasema, akajifunga leso vizuri kwa baridi. "Hapa babu yako alikuwa akizitazama zote mbili."

Adhana ikaanza msikiti wa chini, tukashuka.